Thioremu ya CAP: je, ni lazima wakati wote tuache kitu kimoja? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimejifunza kwamba kila mfumo uliosambazwa huacha sifa moja kati ya tatu za CAP, yaani ulinganifu, upatikanaji na kuvumilia mpasuko wa mtandao, wakati wote. Nimeelewa vizuri?

Umeelewa nusu. Neno linaloharibu ni hilo "wakati wote".

Thioremu haisemi kwamba mfumo wako, hivi sasa mtandao ukiwa mzima, umepungukiwa na kitu. Inasema jambo jembamba zaidi: hakuna anayeweza kuandika programu itakayotoa ahadi mbili kwa pamoja, kwamba nakala zote za data zitaonekana kama nakala moja na kwamba kila nodi, yaani kila mashine ya mfumo, iliyo hai itajibu, na ahadi zote mbili zisimame hata ujumbe kati ya nodi ukipotea. Kinachoshindikana ni ahadi isiyo na masharti. Mtandao ukiwa mzima, mfumo unaweza kukupa vyote viwili asubuhi hadi jioni. Ukipasuka, mojawapo itaanguka.

Sehemu uliyoelewa sawa ni kwamba hakuna ujanja wa kukwepa. Ipi ianguke ni uamuzi unaokaa ndani ya msimbo tangu siku unapouandika, hata kama hukujua kwamba umeuamua.

Herufi tatu zina maana gani hasa?

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu maneno haya yana maana pana mitaani na maana nyembamba sana ndani ya uthibitisho.

C ni ulinganifu. Maana yake: mfumo ujibu kana kwamba kuna nakala moja tu ya data, na kila kazi hutokea kwa mkupuo mmoja kati ya wakati ilipoombwa na wakati ilipojibiwa. Uandishi ukishathibitishwa, yeyote atakayeanza kusoma baada ya hapo, kwenye nodi yoyote, aone thamani hiyo au iliyo mpya zaidi. Hii si ile C ya miamala ya hifadhidata, inayohusu sheria za data kama vile salio lisiwe hasi. Herufi ni ileile, jambo ni lingine.

A ni upatikanaji: kila ombi linalofika kwenye nodi isiyoharibika lazima hatimaye lipate jibu. Tazama ukali wake. Haitoshi nodi nyingi zijibu. Lazima kila moja iliyo hai ijibu, na "samahani, jaribu baadaye" haihesabiki kuwa jibu. Tazama pia ulegevu wake: haisemi jibu lije ndani ya muda gani. Nodi inayojibu baada ya saa mbili bado "inapatikana" kwa kipimo hiki. Kwa hiyo asilimia za muda ambao huduma iko hewani, zile zinazoandikwa kwenye mikataba, ni kipimo kingine kabisa.

P ni kuvumilia mpasuko, yaani mtandao unaruhusiwa kupoteza ujumbe wowote, kwa idadi yoyote, kati ya kundi moja la nodi na jingine. Hiyo si sifa unayoinunua. Ni maelezo ya mazingira ambamo mfumo utaishi.

Uthibitisho wenyewe unasemaje?

Ni mfupi kiasi kwamba inasikitisha kuona watu wanafundishwa mchoro wa pembetatu yenye herufi hizo tatu kwenye pembe zake badala yake. Chukua nodi mbili, A na B, zote zina x = 5. Waya kati yao unakatika. Mteja anaiambia A iandike x = 7. Kwa sheria ya upatikanaji, A lazima ijibu, nayo inajibu "tayari". Kisha mteja mwingine anaiuliza B thamani ya x. B nayo lazima ijibu. Lakini hakuna ujumbe wowote uliovuka kutoka A, hivyo kwa macho ya B dunia hii haina tofauti na ile ambayo hakuna aliyeandika kitu. Itajibu 5, na ulinganifu umevunjika.

Seth Gilbert na Nancy Lynch wa MIT waliuandika uthibitisho huu mwaka 2002. Ukiusoma hatua kwa hatua unaona kwamba waya uliokatika ndio unaobeba hoja nzima. Ukiuondoa, A inaiarifu B kabla ya kusema "tayari", na hakuna kinachovunjika.

Basi "chagua mbili kati ya tatu" ilitoka wapi?

Ilitoka kwa mwanasayansi wa kompyuta Eric Brewer mwenyewe, aliyeliwasilisha wazo hili mwaka 2000 kama dhana isiyothibitishwa, kwenye mkutano wa kitaaluma wa PODC. Kauli ilikuwa fupi, ikakaa vichwani, ikaenea. Mwaka 2012 aliandika makala ya kuirekebisha, akieleza kwamba kanuni ya "mbili kati ya tatu" inapotosha: mipasuko ni nadra, na hakuna sababu ya kuacha ulinganifu au upatikanaji wakati mfumo haujapasuka.

Kasoro kubwa ya pembetatu ni kwamba inakuonyesha pembe tatu zilizo sawa, kana kwamba unaweza kuchagua C na A ukaiacha P. Mtandao hauombi ruhusa yako. Ukiamua "kuiacha P", maana yake halisi ni kwamba hujaamua mfumo ufanye nini waya ukikatika, na siku hiyo utafanya chochote. Anayeweza kuiacha P kwa dhati ni yule ambaye data yake yote iko kwenye mashine moja.

Nionyeshe mfumo halisi ukifanya hivi.

Tutumie etcd, hifadhidata ndogo inayoweka nakala za data kwenye nodi kadhaa, kwa kuwa unaweza kurudia jaribio hili nyumbani kwa mashine tatu pepe. Nodi ni A (10.0.0.1), B (10.0.0.2) na C (10.0.0.3). Uandishi hukubaliwa pale tu akidi inapotimia, na akidi ya nodi tatu ni mbili. Tunaanza na x = 5 kila mahali, na tuseme kiongozi, yaani nodi inayoratibu uandishi, ni A.

Mtandao ukiwa mzima, andika kupitia nodi yoyote na usome kupitia nodi yoyote: utapata thamani mpya, na kila nodi itakujibu. Ulinganifu na upatikanaji vyote vipo mezani. Ukimwonyesha hili mwanafunzi anayeamini "wakati wote", huwa anatulia kidogo.

Sasa tuitenge nodi C. Amri hizi zinaendeshwa kwenye C yenyewe:

```
iptables -A INPUT  -s 10.0.0.1 -j DROP
iptables -A INPUT  -s 10.0.0.2 -j DROP
iptables -A OUTPUT -d 10.0.0.1 -j DROP
iptables -A OUTPUT -d 10.0.0.2 -j DROP
```

Nenda kwenye A uandike x = 7. Inakubali, maana A na B ni wawili na akidi imetimia. Rudi C usome kwa njia mbili. Mistari ya tahadhari nimeiondoa:

```
$ etcdctl --endpoints=127.0.0.1:2379 get x
Error: context deadline exceeded

$ etcdctl --endpoints=127.0.0.1:2379 get x --consistency=s
x
5
```

Amri ya kwanza ni usomaji wa kawaida wa etcd. Kabla ya kukujibu, nodi lazima ihakikishe kupitia kiongozi na akidi kwamba haijapitwa na wakati. C haiwezi kumpata kiongozi, hivyo amri inangoja sekunde 5, ambazo ndizo kikomo cha kawaida cha `etcdctl`, kisha inakata tamaa. Programu iko hai, diski nzima, kichakataji hakina kazi, lakini jibu hakuna. Huko ndiko kuacha upatikanaji.

Amri ya pili inaiambia C: nipe ulicho nacho, usimwulize mtu. Inajibu papo hapo, 5. Wakati huohuo A inasema 7, na ilishamthibitishia mteja wake. Huko ndiko kuacha ulinganifu.

Ona kwamba ni mfumo mmoja, nodi moja, dakika moja, na uchaguzi ulifanywa na neno moja mwishoni mwa amri. Ndiyo maana nasita kila ninaposikia hifadhidata nzima ikipachikwa jina "ya CP" au "ya AP" kama vile ni kabila lake. Swali lenye faida ni ombi hili, kwenye nodi hii, waya ukikatika litafanya nini.

Lakini A na B zinaendelea kujibu. Kweli tumeacha upatikanaji?

Kwa maana ya thioremu, ndiyo, kwa sababu nodi moja iliyo hai imeshindwa kujibu. Kwa maana ya mtumiaji inategemea yuko upande gani. Kama wateja wako wana anwani za nodi zote tatu na wanaweza kuhamia A au B wakikosa jibu kwa C, huenda wasijue kwamba kuna tatizo. Aliyefungiwa upande mmoja na C, ambaye hawezi kufikia nodi nyingine, ndiye anayebeba gharama yote.

Kwa hiyo hata mpasuko unapotokea, kinachoachwa si lazima kiwe kikubwa. Thioremu inasema tu kwamba hakiwezi kuwa sifuri.

Kama aliyetengwa ni kiongozi, hali inabadilika kidogo. Kwa mipangilio ya kawaida ya etcd, kiongozi hutuma mapigo ya kuonyesha kwamba yu hai kila milisekunde 100, na wafuasi hungoja takriban milisekunde 1,000 za kimya kabla ya kuanzisha uchaguzi. Katika sekunde hiyo moja au zaidi kidogo, hata upande wenye akidi hauandiki kitu. Maombi yanangoja, kiongozi mpya anapatikana, kazi inaendelea.

Nikiwa na uhakika mtandao ni mzima, nina vyote viwili bila shaka yoyote?

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana, na hapa ndipo ninapomheshimu yule mwanafunzi wa "wakati wote", kwa sababu ameunusa ukweli fulani bila kuufikia.

Jiweke mahali pa nodi C. Umemtumia A ujumbe na jibu halijaja. Je, waya umekatika, au A amesinzia kwa kuwa anasafisha kumbukumbu yake, au ujumbe uko foleni kwenye swichi na utafika baada ya milisekunde 300? Kwa ulichonacho mkononi, huwezi kutofautisha. Ujumbe uliopotea na ujumbe uliochelewa vina sura moja: ukimya.

Gilbert na Lynch walilifuata hili hadi mwisho. Walionyesha kwamba kama nodi hazina saa kabisa, yaani hazina njia ya kusema "muda uliopita unatosha", basi haiwezekani kuahidi upatikanaji siku zote pamoja na ulinganifu katika siku ambazo hakuna ujumbe hata mmoja uliopotea. Sababu ni hiyohiyo ya nodi C: nodi inayolazimika kujibu siku moja, bila saa, itajibu siku nyingine kabla ujumbe uliochelewa haujafika. Katika dunia hiyo isiyo na saa, "wakati wote" inakaribia sana kuwa kweli.

Ila mashine zetu zina saa. Wakizipa nodi saa zinazokwenda kwa mwendo mmoja na kikomo cha muda wa ujumbe kufika, wanaonyesha kwamba inawezekana: data huwa ya sasa pale ujumbe wote unapofika kwa wakati, na huweza kuwa ya zamani pale tu unapopotea. Hicho ndicho tunachokifanya kila siku tunapoweka muda wa kusubiri. Milisekunde 1,000 zile za etcd ni tamko la mwenye mfumo: kimya kikizidi hapa, nitakihesabu kuwa mpasuko.

Kutokana na hapo yafuata jambo ambalo mwendeshaji wa mfumo lazima alijue. Mpasuko hauhitaji waya kukatika. Nodi iliyoganda sekunde mbili kwa sababu diski imezidiwa ni mpasuko kwa wenzake. Ukiweka kikomo kifupi mno, utaona chaguzi za kiongozi zikirudiwa ovyo huku mtandao ukiwa salama kabisa. Ukiweka kirefu mno, mpasuko wa kweli utakusimamisha muda mrefu kabla mfumo haujachukua hatua. Kwenye etcd, kipimo cha `etcd_server_leader_changes_seen_total` kikipanda mara kwa mara, anza kwa kuangalia kasi ya diski na muda wa ujumbe kwenda na kurudi kati ya nodi, kabla hujamlaumu fundi wa nyaya.

Mfumo wetu unatoa data ya zamani hata siku ambazo mtandao hauna tatizo. Wenzangu wanasema "ndiyo CAP hiyo". Ni kweli?

Siyo, na kisingizio hiki kimeniudhi kwa miaka. Niliwahi kukaa na timu ambayo watumiaji wake walikuwa wakihifadhi taarifa, wakifungua ukurasa upya, wanaona ya zamani. Seva zote zilikuwa kwenye chumba kimoja. Kila aliyeuliza alijibiwa kwamba CAP inalazimisha kupoteza kitu, na mazungumzo yanafungwa. Tulipofuatilia ombi moja hatua kwa hatua, tuliona kwamba uandishi ulikwenda kwa nodi kuu, ambayo ilijibu "tayari" kabla ya kuwapelekea wafuasi, halafu usomaji ukaelekezwa kwa mfuasi aliyekuwa nyuma kwa sehemu ya sekunde. Hapakuwa na mpasuko wowote. Kulikuwa na mpangilio uliochaguliwa na mtu ili uandishi uwe wa haraka, kisha ukasahaulika. Tuliuelekeza usomaji wa mtu aliyetoka kuandika uende kwa nodi kuu, na malalamiko yakakoma.

Huo ni ubadilishanaji kati ya kasi na ulinganifu, na upo hata hali ya hewa ikiwa shwari. Mtafiti wa hifadhidata Daniel Abadi aliupa nafasi yake kwa kurefusha CAP kuwa PACELC: kukiwa na mpasuko, unachagua kati ya upatikanaji na ulinganifu, kusipokuwa na mpasuko, unachagua kati ya kasi na ulinganifu. Kama mwanafunzi anataka kitu ambacho kweli kinatozwa wakati wote, ni hicho cha pili. Nodi zikiwa zimetengana milisekunde 80 kwenda na kurudi, uandishi unaosubiri ithibati ya upande wa pili hauwezi kukamilika kabla ya milisekunde 80. Hakuna msimbo utakaoipunguza hiyo.

Inawezekana kuacha vyote viwili?

Inawezekana, na hutokea sana. Mfumo huohuo wa timu niliyoitaja ulikuwa hivyo. Mpasuko ukitokea, mteja aliye upande wa mfuasi hawezi kuandika, kwa kuwa nodi kuu haifikiki, na akisoma anapata ya zamani. Si ulinganifu, si upatikanaji. Thioremu inaweka dari, haiweki sakafu. Kwa hiyo usidhani kwamba mfumo uliokosa kimoja lazima uwe na kingine.

Nimesikia Spanner, hifadhidata iliyosambazwa ya Google, imeishinda CAP.

Haijaishinda. Brewer, akiwa anafanya kazi Google, aliandika mwaka 2017 kwamba kwa ufundi Spanner huchagua ulinganifu: mpasuko ukitokea, kuna upande utakaosimama. Kinachowapa watu dhana ya ushindi ni kwamba mtandao wake ni wa kampuni yenyewe, wenye njia nyingi mbadala, na mpasuko ni nadra kiasi kwamba upatikanaji wake ulizidi asilimia 99.999. Katika hitilafu alizozichambua, zilizotokana na mtandao zilikuwa chini ya asilimia 10. Huo ni ushahidi mzuri dhidi ya "wakati wote": gharama ya CAP hulipwa pale mpasuko unapotokea, na ukiwekeza kupunguza mipasuko unailipa mara chache.

Mpasuko ukiisha, nini kinafuata?

Hapo ndipo unapojua ulichochagua kilikuwa na bei gani. Rudi kwenye jaribio letu, futa zile kanuni nne za `iptables` kwa kubadilisha `-A` kuwa `-D`, kisha usome tena kwenye C. Ndani ya muda mfupi C inapokea kutoka kwa kiongozi yale maingizo iliyoyakosa, na usomaji wa kawaida unarudisha 7. Hakuna cha kusuluhisha, kwa sababu C haikuruhusiwa kuandika chochote ilipokuwa peke yake.

Mfumo ulioruhusu pande zote mbili ziandike una kazi nyingine. Upande mmoja unasema 7, mwingine unasema 9, na wote wawili waliwaambia wateja wao "tayari". Ukichagua aliyeandika mwisho kwa saa ya mashine, mmoja atafutika kimyakimya, na saa iliyotangulia kidogo inaweza kumpa ushindi asiyestahili. Ukihifadhi zote mbili, programu yako lazima ijue kuziunganisha. Kwa orodha ya vitu vilivyoongezwa, muungano ni rahisi: chukua vyote. Kwa nafasi ya mwisho iliyouzwa kwa watu wawili, hakuna hesabu ya kuziunganisha, na mtu mmoja itabidi apigiwe simu.